KONA YA KOMPYUTA: Kumvalisha kitenge mtu wa mchezo

Mwezi huu watoto wengi wa darasa la jioni wameniuliza swali moja: "Mwalimu, kwa nini mtu wangu kwenye mchezo hafanani na mimi?" Wanauliza kuhusu Luanti, ule mchezo wa kuchimba na kujenga kwa vitalu ulio kwenye kompyuta zetu. Wakubwa wenu huenda waliujua kwa jina la Minetest, maana uliitwa hivyo tangu ulipoanza 2010 mpaka ulipobadilishiwa jina 2024. Ni wa bure na hauhitaji intaneti ukishawekwa, ndiyo maana tunao.

Jibu ni kwamba yule mtu anaweza kufanana na wewe, ukimpaka rangi mwenyewe. Leo nitaeleza kazi hiyo kwa kufuata kazi ya msichana mmoja wa darasa la sita. Alitaka mtu wake avae kitenge chenye maua, kama kile ambacho bibi yake alikuja nacho safarini na anacho mpaka leo. Alitaka kumwonyesha bibi siku ya wazazi, na jenereta yetu huwaka saa mbili tu jioni. Kwa hiyo hakuwa na muda wa kubahatisha.

Nguo ni karatasi iliyokunjuliwa

Mtu wa mchezo ana sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo lake: kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, vyote ni maboksi. Umbo hilo hatuligusi. Ya pili ni picha moja ndogo inayozungushiwa umbo hilo, yenye ngozi, uso, nywele na nguo pamoja. Vijana wanaiita skini. Katika mchezo wetu, ule unaoitwa Minetest Game ndani ya Luanti, picha hiyo ni faili lenye jina `character.png`. Upana wake ni nukta 64 na urefu wake ni nukta 32. Nukta hizo zinaitwa pikseli, na kila moja ina rangi moja tu.

Ukiifungua utashangaa, maana humwoni mtu. Unaona vipande vya rangi vilivyotawanyika. Fikiria boksi la sabuni lililokunjuliwa likalala mezani: mbele, nyuma na ubavu vyote vinaonekana kwa pamoja. Faili hili ni maboksi kadhaa yaliyokunjuliwa namna hiyo na kupangwa kwenye karatasi moja. Kompyuta inayakunja tena mchezo unapoanza. Kazi yetu yote ni kujua kila kipande kitakwenda wapi kikikunjwa.

Kuandaa faili

Usipake rangi kwenye faili la asili. Lipo ndani ya folda ya mchezo:

```
games/minetest_game/mods/player_api/models/character.png
```

Linakili. Kisha nenda kwenye folda inayoitwa `textures`, fungua humo folda mpya, uipe jina bila nafasi, kwa mfano `kitenge`, ubandike nakala yako ndani yake. Jina la faili libaki `character.png` vilevile, herufi kwa herufi. Mchezo unatafuta jina hilo, na ukikuta lipo kwenye folda yako unaitumia picha yako badala ya ile ya asili. Ukiharibu, unafuta yako na ya asili ipo salama.

Sasa fungua nakala kwa programu ya GIMP. Ni ndogo sana machoni, basi bonyeza 4 kwenye kibodi ili ikuzwe mara nane, au 5 ikuzwe mara kumi na sita. Tazama juu ya dirisha. Ukiona neno `Indexed`, nenda `Image`, kisha `Mode`, uchague `RGB`. Usipofanya hivyo, utachagua rangi ya kahawia na programu itakuwekea nyingine iliyo karibu nayo, maana picha ya namna hiyo hukubali rangi zilizokwisha orodheshwa tu.

Baada ya hapo tunachora mistari ya kutuongoza. Nenda `Image`, `Configure Grid`, weka nafasi ya pikseli 4 kwa upana na 4 kwa urefu. Kisha `View`, `Show Grid`. Picha itagawanyika kama daftari la hesabu: vyumba 16 kwenda kulia na vyumba 8 kwenda chini. Hatukuchagua 4 ovyo. Mipaka yote ya viungo vya mtu huyu inaangukia kwenye mistari ya nne nne, kwa hiyo hutahitaji kuhesabu pikseli mojamoja kutafuta mkono unaanzia wapi.

Kiungo kipi kiko wapi

Hesabu vyumba kuanzia kushoto na kuanzia juu.

Kichwa kiko safu ya 3 na ya 4. Vyumba viwili vya kwanza ni ubavu wa kulia wa kichwa, viwili vinavyofuata ni uso, viwili tena ni ubavu wa kushoto, na viwili vya mwisho ni kisogo. Juu ya uso, safu ya 1 na ya 2, ndipo ulipo utosi. Kando ya utosi ni sehemu ya chini ya kichwa, pale kidevuni.

Kiwiliwili kiko safu ya 6, 7 na 8. Chumba cha 5 ni ubavu wa kulia, cha 6 na 7 ni kifua, cha 8 ni ubavu wa kushoto, cha 9 na 10 ni mgongo. Mguu uko safu hizohizo, vyumba vinne vya kwanza kabisa. Mkono uko chumba cha 11 mpaka cha 14. Safu ya 5 ina vifuniko vya juu na chini vya viungo hivyo, kama mabega na nyayo. Vyumba vya juu kulia, kuanzia cha 9 mpaka cha 16, ni mahali pa kofia. Sisi tuliviacha kama tulivyovikuta.

Hapa kuna mambo mawili yanayowachanganya watu. Kwanza, "kulia" ni kulia kwa yule mtu, si kulia kwako. Mtu akisimama mbele yako, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ndiyo maana ubavu wa kulia umewekwa kushoto mwa kifua. Pili, mkono umechorwa mmoja na mguu mmoja. Mchezo unatumia kipande kilekile kwa pande mbili. Ukimvalisha saa mkononi, atakuwa na saa mbili. Mtoto aliyetaka kiatu kimoja chekundu na kingine cheusi nilimwambia ukweli: kwa faili hili haiwezekani.

Jaribu kwa rangi nne kwanza

Kabla ya kuchora ua hata moja, yule msichana alifanya jaribio la dakika tano. Alipaka kifua chote chekundu, mgongo bluu, ubavu wa kulia kijani na wa kushoto njano. Mkono na mguu navyo akavipaka rangi nne hizohizo. Akahifadhi, akaingia mchezoni, akamzungusha mtu wake na kutazama. Kijani kikiwa upande wa mkono wa kulia wa mtu, umeelewa ramani. Kikiwa upande mwingine, umehesabu vyumba vibaya, na umejua mapema kabla hujapoteza jioni nzima.

Kuhifadhi kuna jambo lake. Ukibonyeza `Save`, GIMP inaweka faili la aina yake lenye mwisho wa `.xcf`, na mchezo hausomi hilo. Nenda `File`, kisha `Overwrite character.png`. Hapo ndipo picha yenyewe inabadilika.

Katika Luanti, fungua ukurasa wa `Content`, chagua folda yako ya `kitenge` na uiwashe. Ingia kwenye ulimwengu wako. Bonyeza kitufe cha C (kwenye matoleo ya zamani ni F7) na kamera itatoka machoni ikusogeze nyuma ya mtu wako. Bonyeza tena, utamwona usoni. Kila ukibadilisha picha, toka mpaka ukurasa wa mwanzo, uingie upya. Ukibaki ndani, utaendelea kuona nguo ya zamani, uanze kudhani umekosea wakati hukukosea.

Kitenge chenyewe

Alianza na ngozi. Alichagua kahawia mbili kwa kuandika namba ya rangi: `7a4a2b` kwa uso na mikono, na `5e3820` iliyokolea zaidi kwa upande wa ndani wa mikono na chini ya kidevu, pale mwanga usipofika. Rangi mbili zinatosha. Ukiweka moja tu, uso na shingo vinaonekana kama ubao ulionyooka.

Kifaa cha kutumia ni penseli, `Pencil`, kitufe N, ukubwa 1. Usitumie burashi ya `Paintbrush`. Kingo zake ni laini, zinafifia, na hapa tuna pikseli nane tu kwa upana wa uso. Burashi ikigusa jicho, rangi inamwagikia shavuni. Utalitambua kosa hilo ukikuza picha: badala ya rangi mbili ulizochagua, unaona rangi kumi za katikati ambazo hukuziweka.

Kisha likaja lile lililotuweka sana. Aliangalia kitenge cha bibi akachora ua lenye upana wa pikseli 5. Akalirudia kuanzia ubavu wa kulia, akapita kifuani, ubavu wa kushoto, mpaka mgongoni. Kwenye faili lilipendeza. Kwenye mchezo, mbele palipendeza vilevile. Lakini alipomgeuza mtu wake, kwenye kona ambapo mgongo unakutana na ubavu wa kulia, kulikuwa na ua lililokatwa, limebanwa na lingine.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Zunguka kiwiliwili: ubavu 4, kifua 8, ubavu 4, mgongo 8. Jumla ni 24. Ukigawa 24 kwa 5 unapata maua manne mazima na pikseli 4 zinabaki, hazitoshi ua la tano. Na tena, pale lilipokatika hapaonekani kwenye faili, kwa sababu mwanzo wa kipande na mwisho wake viko mbali. Macho yanaona chumba cha 5 kiko huku na cha 10 kiko kule. Lakini kikikunjwa, ukingo wa kushoto wa chumba cha 5 unagusana na ukingo wa kulia wa chumba cha 10. Hao ni majirani, ingawa kwenye karatasi hawaonani. Fundi cherehani analijua jambo hili: vipande viwili vikikutana ubavuni, maua lazima yapokeane.

Kwa hiyo ua liwe na upana gani? Upana wa 6 unagawa 24 sawasawa, maua manne. Lakini kitenge cha bibi kinashuka mpaka miguuni, na mguu una pande nne za pikseli 4, jumla 16. Sita haigawi 16. Upana wa 4 unagawa zote: maua sita kuzunguka kiwiliwili, manne kuzunguka mguu. Na kichwa, ambacho kuzunguka kwake ni 32, kinapata manane, basi hata kilemba kikatoka kwenye kitambaa hichohicho. Alichora ua dogo la 4 kwa 4 ndani ya chumba kimoja: pikseli nne za katikati njano, nane za pembeni nyekundu, na zile nne za kona bluu ya kitambaa. Halikuwa sawa na ua la bibi, lakini rangi zake na mpangilio wake vilitambulika.

Mkanda wa kiunoni alichora kwenye mstari wa 9 kutoka juu ya kiwiliwili. Hapa kanuni ni moja: mstari huohuo kwenye kifua, mbavu zote mbili na mgongo. Ukishusha pikseli moja upande mmoja, mkanda utakuwa na ngazi kwenye kona. Njia rahisi ni kuuchora kwa mkupuo mmoja kuanzia chumba cha 5 mpaka cha 10, badala ya kuchora kila upande peke yake.

Kilemba alikipaka kwenye mistari mitatu ya juu ya uso, akaendeleza mistari hiyohiyo mitatu mbavuni, akafunika kisogo chote. Utosi aliupaka bluu tupu bila maua. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu utosi unagusa pande nne za kichwa kwa wakati mmoja, na kupatanisha maua pande zote nne ni kazi ya jioni nyingine.

Kukagua kama nguo inakaa

Usimtazame mbele tu ukaridhika. Kamera ikiwa nyuma yake, tazama chini na kamera itapanda juu, utaona utosi na mabega. Kisha mtembeze na umwangalie mikono na miguu inapopishana, kwa sababu upande wa ndani wa mguu hauonekani akiwa amesimama. Wengi husahau kuupaka, na mtu anatembea akionyesha suruali ya zamani katikati ya kitenge kipya.

Ukiona tundu, yaani unaona miti kupitia mwilini mwake, ulifuta pikseli badala ya kuipaka. Mahali palipofutwa hapana rangi kabisa, ni kama kitambaa kilichotoboka. Rudi upake. Ukiona viungo vyote vimeparaganyika, macho yako mgongoni, angalia ukubwa wa picha. Huenda umechukua skini ya mchezo mwingine yenye 64 kwa 64, ambayo mpangilio wake ni tofauti na huu. Na kama hakuna kilichobadilika hata kidogo, tazama jina la faili, kisha uangalie kama folda yako imewashwa.

Kuna mambo ambayo rangi haiwezi kuyafanya. Kitenge kilichopakwa miguuni kinagawanyika mtu anapotembea, maana umbo lina miguu miwili na halina sketi. Na skini iliyowekwa kwa njia hii inaonekana kwenye kompyuta yako tu. Mkiunganisha kompyuta mbili mkacheza pamoja, rafiki yako hataona kitenge chako, na wewe kwenye kioo chako utamwona yeye pia amevaa kitenge hichohicho, kwa kuwa watu wote wanaotumia `character.png` wanavalishwa picha uliyoiweka. Watoto wawili waligombana kwa jambo hilo, kila mmoja akidhani mwenzake kamwibia nguo. Hakuna aliyeiba.

Kwa wale wasio na zamu ya kompyuta

Kazi hii inaweza kuanzwa nyumbani, na wazazi mnaweza kushiriki. Chukua karatasi ya daftari la hesabu. Chora mstatili wa visanduku 24 kwa upana na 12 kwa urefu. Kunja baada ya kisanduku cha 4, cha 12 na cha 16, kisha uunganishe ncha zake mbili. Hicho ndicho kiwiliwili. Kifungue, chora mapambo yako kwa kalamu za rangi, ukikunje tena na utazame ile kona ya mwisho. Maua yakipokeana kwenye karatasi, yatapokeana na kwenye mchezo. Mtoto akija na karatasi iliyokwisha kaguliwa, anahamisha kisanduku kwa pikseli, na saa mbili za jenereta zinamtosha.

Yule bibi alipoonyeshwa, alimtazama mtu wa mchezo akigeuka, akasema, "Huyu fundi wake anajua, hajakata ua." Kisha akauliza kwa nini hana viatu. Basi mwezi ujao tutazungumza juu ya nyayo na vifuniko vya safu ya 5, ambavyo leo tumevipita haraka.

Mwalimu wenu wa kompyuta, darasa la jioni.